Gari limekufia mlimani: meseji gani umwandikie fundi

"Shikamoo fundi. Naendesha Haisi ya mjomba, injini 5L, nabeba ndizi kutoka Tukuyu kuleta Mbeya. Juzi limenichemkia mlimani kabla ya kufika Isyonje. Nikamtumia fundi wa Uyole meseji: 'Fundi gari limechemsha limezima nipo mlimani njoo haraka.' Akaja na madumu ya maji, hosi na gundi. Kufungua, kumbe mkanda wa feni haupo kabisa. Ikabidi arudi kuufuata, mimi nikalala njiani na ndizi zangu, na usafiri wake nimelipa mara mbili. Meseji ya namna hii inaandikwaje ili fundi aje na kitu sahihi mara ya kwanza? Mimi siyo fundi, majina ya vifaa siyajui."

Marahaba, mdogo wangu. Pole na usiku wa Isyonje, baridi ya kule naijua.

Majina ya vifaa usihangaike nayo. Fundi anayajua yote na hahitaji kuambiwa na wewe. Asichokijua ni kile ulichokiona na kukisikia ukiwa kwenye usukani, na hicho ndicho hukumwandikia. Ulimwandikia "limechemsha". Fundi yeyote akisoma hivyo mawazo yake yanakwenda kwenye maji: hosi imepasuka, rejeta inavuja, mfuniko umechoka. Akabeba maji, hosi na gundi. Kwa maneno uliyompa, hata mimi ningebeba hivyohivyo.

Kuchemsha ni mwisho wa hadithi. Magari kumi yanaweza kuchemsha mlima huohuo kwa sababu kumi, na yote yakatoa mvuke uleule. Yanapotofautiana ni kwenye kilichotangulia. Kwa hiyo meseji yako ianze dakika chache kabla ya mvuke, na iende kwa mpangilio wa saa: kwanza nilisikia hiki, kisha nikaona hiki, kisha nikafanya hiki. Ukiuvuruga mpangilio, hata kama kila neno ni kweli, umempoteza fundi.

Sikuwa na wewe kwenye gari, lakini Haisi ya 5L mkanda ukiikatikia kwenye kupanda, mambo huenda hivi, na naamini ukitulia utakumbuka sehemu kubwa. Kwanza kunakuwa na mlio mwembamba mkali, nyiiii, unaozidi ukikanyaga mafuta. Kisha kishindo kimoja au viwili chini ya kiti, pwa, kama mtu amechapa bati kwa mpira, na ule mlio unakatika ghafla. Kimya kinachofuata kinamdanganya dereva, anaona afadhali kelele imeisha. Muda huohuo taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka kwenye dashibodi. Gari linaendelea kupanda vizuri tu. Baada ya dakika chache sindano ya joto inaanza kupanda, na hapo ndipo wengi wanapoanza kuangalia dashibodi. Ukikanyaga breki mara mbili tatu, pedeli inakuwa ngumu, inataka nguvu za mguu mzima. Mvuke ndio wa mwisho kabisa.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa sababu hutasahau mpangilio. Kwenye injini hiyo mkanda wa nje unazungusha vitu viwili vikubwa kwa pamoja. Cha kwanza ni pampu ya maji, ambayo feni imefungwa mbele yake. Cha pili ni oltaneta inayochaji betri, na mgongoni mwa oltaneta kuna pampu ndogo inayonyonya hewa kwa ajili ya busta ya breki. Mkanda ukikatika, vyote vinasimama kwa mpigo mmoja. Taa ya betri inawaka papo hapo kwa sababu kuchaji kunakatika papo hapo. Joto linachelewa kwa sababu maji yaliyomo kwenye injini yanachukua muda kupata moto. Breki inachelewa kwa sababu busta ina akiba ya kukanyaga mara chache, ikiisha hiyo unabaki na mguu wako mwenyewe.

Ndiyo maana mtu akiniandikia "taa ya betri imewaka kwanza, halafu joto likapanda, halafu breki ikawa ngumu", mimi sihitaji kuuliza zaidi. Nachukua mkanda kabla sijavaa viatu. Na angeniandikia vitu hivyohivyo vitatu bila kusema kipi kilianza, ningekuwa bado nakisia.

Badilisha kimoja tu uone inavyogeuka. Taa ya betri ikiwaka, joto likabaki mahali pake na breki ikawa laini kama kawaida, basi mkanda upo na unazunguka. Tatizo liko ndani ya oltaneta au kwenye nyaya zake, na hapo ninakuja na vifaa vya umeme. Joto likipanda bila taa ya betri kuwaka kabisa, mkanda upo pia, na ndipo maji na hosi vinapokuwa na maana. Hapo nitataka kujua jambo moja zaidi: je, sindano ya joto ilipanda ikabaki juu, au ilipanda kisha ikaanguka yenyewe ghafla wakati mvuke unatoka? Ikianguka hivyo dereva hufurahi akidhani gari limepoa, kumbe maji yamekwisha na kipimo hakigusi maji tena, kinapima hewa. Andika hata hilo, kwamba ilishuka yenyewe.

Kuna neno lingine kwenye meseji yako lililomwacha fundi gizani: "limezima". Lilizima lenyewe au ulilizima wewe? Kwa injini ya dizeli hili ni swali zito. Mkanda wa feni ukikatika, 5L haizimi. Haina plagi za cheche kama za petroli, inahitaji umeme kidogo tu wa kushikilia njia ya mafuta pale kwenye pampu ya dizeli, na betri yenyewe inatosha kuutoa kwa muda mrefu. Itaendelea kukuvuta mlimani huku inajipika, mpaka uizime wewe au ishike. Lakini mkanda wa ndani, ule wa tayming, ukikatika, injini inazima hapohapo bila kuaga, mara nyingi na mlio mfupi wa chuma, na ukipiga stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haina ule mzigo unaouzoea. Hapo acha kabisa kupiga stata, kwa sababu valvu zinagongana na pistoni na kila ukirudia unaongeza hasara. Na safari hiyo haiishii barabarani, unavutwa mpaka gereji. Kwa hiyo "niliizima mimi" au "ilizima yenyewe" ni maneno mawili matatu yanayoamua kama fundi aje na spana au aje na gari la kuvuta.

Kwa faida ya wengine wanaosoma: kwenye dashibodi za Toyota nyingi za dizeli kuna taa imeandikwa T-BELT. Hiyo ni ya kukumbusha kwamba kilomita zilizowekwa, mara nyingi 100,000, zimetimia na mkanda wa tayming ubadilishwe. Haina uhusiano na taa ya betri. Wapo wanaoniandikia "taa ya belti imewaka" wakati wanamaanisha betri, na wapo wanaokosea kinyume chake. Piga picha ya dashibodi ufunguo ukiwa wazi, tuache kubishana.

Tuje kwenye sauti, maana hapo ndipo watu wanapohangaika zaidi. "Gari linapiga kelele" haisemi kitu. Wala huna haja ya kutafuta neno la kitaalamu. Iga sauti yenyewe kwa mdomo wako. Andika nyiiii, ko-ko-ko, pwa, kwaru-kwaru, shhh. Mafundi tunaelewana kwa lugha hiyo kuliko kwa majina ya vifaa. Kama una bando, rekodi ujumbe wa sauti uige mlio, usione aibu, mimi nimeshaigiziwa kila aina ya mnyama na nimepata jibu.

Kisha sema mlio huo ulikuwa unafuata nini. Injini ikizunguka haraka nao ulikuwa unakwenda haraka, hata gari likiwa limesimama? Basi uko kwenye injini au kwenye mikanda yake. Ulikuwa unafuata mwendo wa gari, ukipunguza mwendo nao unapungua hata ukikanyaga klachi? Basi uko kwenye matairi, beringi za magurudumu au shafti. Ulikuwa unatokea ukikanyaga breki tu? Hilo nalo ni jibu. Jambo hilo moja linagawanya gari zima katikati, na dereva ndiye peke yake anayelijua, kwa sababu fundi akifika gari limeshanyamaza.

La mwisho kuhusu sauti ni namna mlio ulivyoisha. Mlio wa mkanda unaoteleza unaokatika ghafla baada ya kishindo ni mkanda umekwisha. Mlio uleule ukipungua polepole baada ya kuvuka dimbwi au mvua kukatika, mkanda bado upo, ulikuwa umelowa na kulegea. Njia yenu hiyo ya Rungwe ina mvua na ukungu karibu mwaka mzima, kwa hiyo nawasikia wengi wakisema "ni maji tu". Mara nyingine kweli ni maji. Lakini mkanda uliokazwa vizuri na usiochakaa haulii kwa rasharasha.

Hapo naingia kwenye siku za nyuma, maana "kabla ya kuharibika" haimaanishi dakika tano tu. Fundi anataka kujua mambo mawili ya wiki hiyo. Moja, kuna mtu aliyegusa injini? Umebadilisha oltaneta, umekaza mkanda, umeosha injini, umeongeza maji mara ngapi? Usimfiche hata kama aliyegusa ni fundi mwingine. Sisi mafundi tuna wivu, sawa, lakini tunapona. Pili, ulikuwa na dalili gani ulizozizoea? Mkanda unaolegea hulia asubuhi injini ikiwa ya baridi, na hulia zaidi ukiwasha taa kubwa, waipa na feni ya ndani kwa pamoja, kwa sababu oltaneta inabebeshwa mzigo na mkanda unateleza juu ya puli. Ukiniandikia "wiki nzima ilikuwa inalia nyiii nikiwasha taa alfajiri", umeniambia mkanda ulikuwa unaungua siku zote hizo.

Ila kuna dalili moja nataka uiandike peke yake, kwa sababu inabadilisha mzigo ninaobeba: je, kabla ya siku ile kulikuwa na mlio mzito wa kusaga, ngrrrr, usioisha, mbele ya injini? Mkanda unaweza kukatika kwa uzee wake tu, na hapo mpya unatosha. Unaweza pia kukatika kwa sababu kuna puli imegoma kuzunguka, beringi ya oltaneta imeshika au ya pampu ya maji imekufa, na mkanda ukaburuzwa juu ya chuma kilichosimama mpaka ukaungua. Fundi akija na mkanda peke yake, ataufunga, mtawasha, utanuka mpira ulioungua, na hamtafika popote. Hii ndiyo safari ya pili ambayo watu wanailipia hata baada ya kuandika vizuri.

Hilo unaweza kulipima wewe mwenyewe wakati unamsubiri, injini ikiwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako na pamepoa kiasi cha kuingiza mkono. Inua kiti cha abiria wa mbele, kwenye Haisi injini iko hapo chini, mulika na tochi kuelekea mbele. Mkanda ukiwa haupo, puli ya oltaneta iko huru: izungushe kwa mkono. Izunguke laini na bila kukwaruza. Kisha shika feni, izungushe, halafu itikise kwenda mbele na nyuma. Ikicheza kwenye shina lake, au ukiona michirizi ya maji iliyokauka chini ya pampu, beringi ya pampu imekwisha. Andika ulichokikuta: "puli zote mbili zinazunguka laini, feni haichezi." Sentensi hiyo ina thamani ya nauli nzima.

Ukiwa hapohapo, tafuta mabaki ya mkanda. Mara nyingi yamejiviringisha kwenye puli au yamedondoka juu ya kinga ya chini. Usiyatupe. Mgongoni mwa mkanda kuna maandishi ya ukubwa na namba. Mikanda ya Toyota yenyewe namba yake mara nyingi huanza na 90916. Ifute kwa kitambaa, ipige picha, itume. Maandishi yakiwa yamefutika, tuma picha ya kipande kilivyo, useme na idadi: baadhi ya magari yana mikanda miwili inayokwenda sambamba, na ikitoka mmoja wa pili huwa umeshaumia, hubadilishwa yote.

Sasa kuna swali moja ambalo madereva hawapendi, na ndilo ninaloliuliza kwanza nikipiga simu: baada ya taa ya betri kuwaka, uliendesha umbali gani? Na baada ya sindano ya joto kufika juu, uliendesha umbali gani? Wote huniambia "nilisimama palepale". Halafu ninafika nakuta gari liko juu kabisa mlimani wakati taa iliwaka chini kule mtoni. Mimi si trafiki, sitakuandikia faini. Ninauliza kwa sababu hedi ya injini hizi haivumilii joto. Aliyesimama ndani ya dakika mbili tatu za taa, ninamfungia mkanda na anaondoka. Aliyepanda nayo kilomita kadhaa sindano ikiwa kwenye nyekundu, huenda hedi imepinda au gasketi yake imeungua, na mkanda mpya hautamsaidia; mzigo wake utafutiwe gari lingine mapema kabla ndizi hazijaiva barabarani. Andika umbali kwa alama za njia kama hujui kilomita: taa iliwaka nikiwa hapa, nikasimama hapa.

Nikikuandikia meseji yako ya juzi nionavyo mimi, ingekuwa hivi. Mambo ambayo sikuyaona nimeyajaza kwa kukisia, wewe weka ya kwako:

"Habari fundi. Haisi, injini 5L dizeli, gia za mkono, nimebeba ndizi mzigo kamili. Nilikuwa napanda kutoka Kiwira kuja Isyonje, gia ya pili, mvua ndogo. Kwanza ikalia nyiiii kwa mbele, ikizidi nikikanyaga mafuta. Kisha ikapiga pwa mara moja chini ya kiti na mlio ukaisha. Hapohapo taa ya betri ikawaka. Injini haikuzima, nikaendelea kama kilomita moja. Joto likapanda, breki ikawa ngumu, nikasimama nikaizima mwenyewe. Mvuke ukatoka baada ya kusimama. Mfuniko sijafungua, maji sijaongeza, stata sijapiga tena. Wiki hii ilikuwa inalia asubuhi nikiwasha taa. Hakuna aliyegusa injini. Mkanda siuoni, kipande nimekipata, picha nakutumia. Puli zinazunguka laini kwa mkono. Nipo kushoto kama unapanda, gari linaangalia Mbeya, nimeliegesha nje ya lami, nimeweka mawe. Nina jeki na spana ya tairi tu. Simu ina chaji nusu."

Ni ndefu, najua. Ila inasomwa kwa dakika moja, na imebeba kila kitu. Angalia kwamba hakuna jina gumu la kifaa ndani yake zaidi ya mkanda na puli, na hayo mawili hata ukiyakosa picha itasema. Mtandao ukiwa unasumbua, anza na sehemu ya katikati, mlio mpaka mvuke, uitume kama meseji ya kawaida. Picha zitafuata ukipata mnara.

Usidharau ile sehemu ya upande gari linakoangalia. Fundi anahitaji kujua kama anakutana na gari linalopanda au linaloshuka, kwa sababu ya breki. Watu wengi gari likishawafia mlimani wanawaza kugeuza na kuliachia liteleze kurudi Kiwira, injini imezimwa, kuokoa muda. Usifanye hivyo. Akiba ya busta umeshaimaliza, breki ni ngumu, usukani bila injini ni mzito, na una mzigo mgongoni kwenye kona za kule na ukungu. Liache hapohapo, kinga matairi kwa mawe, weka pembetatu zako mbali nyuma na mbele. Matawi ya miti yanasaidia lakini usiku hayang'ai. Na ukiondoka uyatoe mawe barabarani, tafadhali, sisi wenye pikipiki tunayakuta gizani.

Kuhusu mfuniko wa rejeta, nimeuweka kwenye meseji kwa sababu fundi lazima ajue kama umeufungua. Juu kule ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 93, siyo 100. Ndani ya rejeta yanabaki maji kwa sababu mfuniko unayabana kwa shinikizo, ingawa yamevuka nyuzi 100. Ukifungua, shinikizo linaondoka na yanageuka mvuke kwa mara moja usoni kwako. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka hosi ya juu ukiiminya kwa kitambaa iwe laini. Kumwaga maji ya mtoni kwenye injini yenye moto nako ni kupasua hedi kwa mikono yako. Kama umeshafungua na umeshaongeza, andika, na useme uliongeza kiasi gani: lita mbili na dumu zima ni habari mbili tofauti.

Akishakujibu, tegemea maswali mawili matatu mafupi. Jibu lile aliloliuliza tu. "Oili ikoje kwenye kijiti?" Toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe tena, ikiwa nyeusi ya kawaida sema nyeusi, ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa sema hivyohivyo, maana yake maji yameingia kwenye oili na safari ya mkanda imeshageuka safari ya hedi. Usiseme "iko vizuri". Vizuri yako na vizuri yangu hazifanani.

Wapo watakaopita na kukushauri ufunge kipande cha tyubu au kamba badala ya mkanda. Nimeona watu wakifika nacho kwenye tambarare, mwendo wa taratibu, gari tupu. Kwa kupanda Isyonje na ndizi, tyubu inateleza au inaruka kwenye puli, na dereva anadhani ana mkanda wakati maji hayazunguki. Subiri fundi.

Akifunga mpya, usimwachie aondoke kabla hujaubonyeza mwenyewe kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Uingie kama sentimita moja hivi. Ukizama sana utateleza na kulia tena, ukiwa mgumu kama chuma utaua beringi za oltaneta. Kisha washa injini, hakikisha taa ya betri imezimika na pedeli ya breki imekuwa laini, ndipo umlipe. Mkanda mpya hulegea kidogo baada ya kufanya kazi, kwa hiyo ukifika Uyole pita akaukaze tena injini ikiwa imepoa, na kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha fungua mfuniko uangalie kama maji yamepungua. Yakiwa yamepungua na chini pakavu, niandikie tena, kwa mpangilio uleule.